Vidonge au mtindi? Tumbo la mkimbiaji lina swali jingine

Ukiingia siku hizi kwenye duka la virutubisho la jimu, iwe Dar es Salaam au Nairobi, kando ya makopo ya protini utakuta chupa ndogo nyeupe zilizoandikwa bilioni 10, bilioni 50, hata bilioni 100. Ni vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai waliokaushwa, na muuzaji atakwambia vinatuliza tumbo la mtu wa mazoezi: gesi, kuunguruma, kukimbilia choo katikati ya mbio. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wakimbiaji mjadala umeshagawanyika kambi mbili. Wapo wanaosema bila kidonge hufiki mbali, na wapo wanaosema kidonge ni wizi mtupu kwa sababu mtindi wa bibi una bakteria hao hao na bei yake ni ya soda. Naona kambi zote mbili zinabishania chombo wakati suala ni nani yumo ndani ya chombo, na amepelekwa kufanya kazi gani. Kuna vidonge vilivyopimwa vikaonekana kumsaidia mkimbiaji wa masafa marefu, kwa kiasi kidogo na kwa wakati maalumu. Ila tumbo la watu wengi wanaovinunua haliumwi na kitu ambacho kidonge hicho kilipimwa nacho.

Tuanze na tumbo lenyewe, maana hapo ndipo mjadala mwingi unaporuka hatua. Unapokimbia kwa nguvu, mwili unapeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza joto, na inayonyimwa ni njia ya chakula. Damu inayokwenda tumboni na kwenye utumbo inaweza kupungua kwa hadi asilimia 80 mazoezi yanapokuwa makali. Utumbo uliokosa damu kwa saa nzima unalegea: kuta zake zinaanza kupitisha vitu ambavyo kwa kawaida huvizuia, chakula kinakaa bila kusagika, na sukari iliyobaki inavuta maji. Ongeza joto la pwani, ongeza mtikisiko wa kila hatua, na utaelewa kwa nini mtu ambaye nyumbani hana shida yoyote anaweza kujikuta akitafuta kichaka kwenye kilomita ya 15. Anayenyanyua vyuma kwa dakika 50, huku akipumzika kila baada ya seti, hapati msukosuko wa kiwango hicho. Akijaa gesi, sababu yake karibu kila mara iko kwenye kile alichokunywa kabla au baada.

Tofauti hiyo kati ya wawili hawa ndiyo inayopotea dukani, kwa sababu ushahidi unaotajwa na wauzaji ulipatikana kwa wakimbiaji wa masafa marefu. Jaribio zuri zaidi ninalolijua lilifanywa Liverpool na kuchapishwa mwaka 2019. Wakimbiaji 24 wa kawaida, si wa kulipwa, waligawanywa: nusu walimeza kila siku kidonge chenye bakteria bilioni 25 wa aina nne, nusu walimeza kidonge kinachofanana nacho kisicho na kitu, kwa siku 28, kisha wote wakakimbia maratoni. Waliomeza bakteria walikuwa na shida chache za tumbo katika wiki ya tatu na ya nne ya mazoezi, na siku ya mbio dalili zao zilikuwa hafifu zaidi katika theluthi ya mwisho. Hiyo ni faida ya kweli, na anayeiita upuuzi hajaisoma. Lakini muda wa kumaliza mbio haukutofautiana kati ya makundi hayo mawili, na wiki mbili za kwanza hazikuonyesha kitu. Kwa hiyo aliyenunua chupa Alhamisi kwa ajili ya mbio za Jumapili amenunua matumaini.

Jaribio la pili ni la Finland, lilichapishwa 2007, na ndilo ambalo wauzaji wa vidonge hawapendi kulitaja kwa ukamilifu. Kati ya wakimbiaji 141 waliojiandaa kwa maratoni ya Helsinki, baadhi walitumia kwa miezi mitatu bakteria mmoja tu, anayeandikwa kwenye lebo Lactobacillus rhamnosus GG, na wenzao wakapewa kisichokuwa naye. Idadi ya mara walizopata matatizo ya tumbo ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuja kwenye muda wa kuumwa: katika wiki mbili baada ya mbio, waliokuwa na bakteria walipona kwa wastani wa siku 1, wengine siku 2.3. Na wengi wao hawakupewa bakteria huyo ndani ya kidonge. Walimnywa kwenye kinywaji cha matunda chenye maziwa. Vidonge walipewa wale tu wasioweza maziwa.

Hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote za kambi ya vidonge inapoanguka, ile inayosema asidi ya tumbo inaua bakteria wote wa kwenye chakula na kidonge pekee ndicho kinachowavusha. Ingekuwa hivyo, Helsinki pasingeonekana kitu. Ukweli ni kwamba kila aina ina ustahimilivu wake. GG alichaguliwa tangu mwanzo kwa sababu anavumilia asidi na nyongo. Bakteria wa kawaida wa kutengeneza yogati ni dhaifu zaidi safarini, ingawa maziwa yenyewe hupunguza ukali wa asidi na kuwasaidia kiasi. Kidonge kinaweza kumkinga aliye dhaifu, lakini hakimfanyi asiye na kazi awe na kazi.

Tena hesabu za bilioni zinapumbaza. Kanuni ya kimataifa ya vyakula, Codex, inataka yogati iwe na bakteria wasiopungua milioni 10 kwa kila gramu. Chukua kikombe cha gramu 250: hao ni bilioni 2.5 kwa uchache. Yogati mpya iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na milioni 100 kwa gramu, na kikombe kile kile kinafika bilioni 25, sawasawa na kidonge cha Liverpool. Kwa idadi, basi, mtindi haujashindwa. Kambi ya mtindi hushangilia hapa, na inashangilia mapema. Bilioni 25 za bakteria wasiojulikana si sawa na bilioni 25 za aina nne zilizopimwa, kama vile kuwa na watu 11 uwanjani si kuwa na timu. Majaribio ya probiotiki yanajibu kuhusu aina iliyotumika, kwa dozi iliyotumika, basi. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio la wanamichezo waliokunywa kwa siku 7 kinywaji chenye aina nyingine ya bakteria, kwa wingi mkubwa mno, kisha wakakimbia saa mbili kwenye joto la nyuzi 34. Hakikuwasaidia kitu. Hicho nacho kilikuwa kinywaji, na hesabu yake ya bakteria ilizidi kwa mbali ile ya vidonge vingi vinavyouzwa kwetu.

Kwa upande wa chakula, hoja ninayoisikia mara nyingi ni ya mursik. Wakalenjini, inasemwa, wanakunywa maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti, mabingwa wanapokewa nayo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwa hiyo siri ya mbio ni bakteria wa mursik. Ni hoja tamu lakini haina miguu. Watafiti waliowafuata wakimbiaji mahiri wa Kenya kambini kwa siku 7, wakapima kila walichokula, walichapisha mwaka 2004 kwamba kama asilimia 76 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, sukari ya chai. Jirani zao wasiokimbia wanakunywa mursik ile ile na hawashindi chochote. Tena mursik si kitu kimoja; kila kibuyu kina ukoo wake wa bakteria na hamira, na uchunguzi uliochapishwa 2013 uliikuta mara nyingine ikiwa na asetaldehidi nyingi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula. Anayeinywa kwa mila na kwa ladha ana haki yake. Anayemwandikia mkimbiaji wa Mbezi kama dawa ya tumbo anakisia.

Lakini mtindi una kazi moja ambayo imethibitishwa kuliko karibu madai yote ya probiotiki, na ajabu ni kwamba haitajwi. Bakteria hai wa yogati wanasaidia kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ambayo imekataa madai mengi ya probiotiki yaliyopelekwa mbele yake, iliyakubali hayo mwaka 2010, kwa masharti kwamba yogati iwe na bakteria milioni 100 kwa gramu. Kwa watu wa Afrika Mashariki jambo hili si dogo. Watu wazima wengi wa huku, hasa wasiotoka jamii za wafugaji, hupoteza uwezo wa kusaga laktosi baada ya utoto. Si ugonjwa, ndivyo mwili wa binadamu ulivyo mahali pengi duniani. Laktosi isiyosagwa inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaila, gesi inajaa na maji yanavutwa. Sasa fikiria anachokunywa mtu wa jimu.

Jamaa mmoja ninayekimbia naye Jumamosi alifajiri alikuja na malalamiko hayo hayo. Alikuwa akijiandaa kwa nusu maratoni ya Moshi, ile inayopanda barabara ya Mweka kabla ya kushuka tena mjini, na kila mbio ndefu ilipofika kilomita ya 11 au 12 tumbo lilimgeuka. Alishatumia chupa mbili za vidonge, kila moja karibu shilingi laki moja, na hakuona mabadiliko. Nilimwomba aniandikie kila kinachoingia mdomoni kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Orodha ilikuwa fupi: nusu lita ya maziwa freshi, vijiko viwili vikubwa vya unga wa protini, ndizi mbivu mbili, vyote vimesagwa pamoja, halafu kidonge cha diklofenaki kwa ajili ya goti, halafu kidonge cha probiotiki. Saa kumi na mbili kasoro anaanza kukimbia.

Piga hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi kama gramu 4.8 kwa kila mililita 100, kwa hiyo nusu lita ina gramu 24. Unga wake wa protini ulikuwa wa aina ya bei nafuu ambayo haijachujwa laktosi yote, labda gramu 3 nyingine. Watu wengi wasiosaga laktosi huvumilia kama gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila taabu kubwa. Yeye alikuwa anameza zaidi ya mara mbili ya hapo, akaiwahisha utumboni dakika 40 kabla ya kuunyima utumbo huo damu. Juu yake diklofenaki. Dawa za kundi hilo la kutuliza maumivu zinajulikana kwa kuchubua njia ya chakula, na katika jaribio lililochapishwa 2012 wanaume waliomeza ibuprofeni kisha wakaendesha baiskeli walionyesha dalili za utumbo mwembamba kuumia zaidi kuliko walipofanya mazoezi yale yale bila dawa. Bakteria gani, hata awe bilioni 100, angeshinda vita hiyo?

Tulibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha vyote kwa pamoja hujui kipi kimekuponya. Jumamosi ya kwanza aliondoa maziwa tu, akala vipande viwili vya mkate na chai ya rangi yenye sukari. Tumbo lilitulia hadi kilomita ya 16, kisha likauma kidogo. Ya pili aliacha diklofenaki, akaenda polepole kwa ajili ya goti, na akamaliza 18 salama. Ya tatu alikunywa shurbeti yake yote, maziwa ndani yake, lakini baada ya mbio, na gesi ikamjaa mchana kutwa akiwa ofisini. Ya nne aliweka mtindi badala ya maziwa, kiasi kile kile, na hakuwa na la kusema. Kidonge cha probiotiki alikuwa bado anakimeza wiki zote hizo, kwa hiyo siwezi kudai hakikufanya kitu. Ninachojua ni kwamba kilikuwepo tumbo lilipouma na kilikuwepo lilipotulia.

Mtu atasema jambo la mmoja halithibitishi la wengi, na kweli. Ila mpangilio wake unaonyesha mahali kidonge kinapostahili kukaa kwenye foleni. Kwanza unachokula saa mbili za mwisho kabla ya mazoezi: mafuta, nyuzinyuzi nyingi, maziwa. Kisha dawa za maumivu. Kisha kinywaji cha sukari unachobeba njiani, maana jeli nzito bila maji inafanya kazi ile ile ya kuvuta maji utumboni, na utumbo wenyewe unazoezwa kupokea wanga kwa kuupa kidogo kidogo katika mbio za mazoezi, wiki mbili au zaidi kabla. Aliyeyamaliza hayo yote na bado tumbo linamsumbua baada ya kilomita 30, huyo ndiye mtu wa Liverpool, na kwake ningesema ajaribu kidonge, siku 28 kabla ya mbio, si pungufu. Hata chama cha Marekani cha madaktari wa njia ya chakula, kilipopitia ushahidi mwaka 2020, hakikuona msingi wa kupendekeza probiotiki kwa magonjwa mengi ya tumbo. Mtu mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu au anayeharisha wiki nzima hana haja na duka la jimu, anahitaji daktari.

Akijaribu, aisome chupa. Jina la bakteria linatakiwa liwe na sehemu tatu, na ya tatu, zile herufi au namba za mwisho kama GG, ndiyo kitambulisho cha aina iliyopimwa. Chupa iliyoandika "mchanganyiko wa laktobasili" bila kitambulisho haikwambii kitu. Aangalie pia kama idadi imehakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda, au ni ile ya siku ya kutengenezwa kiwandani. Bakteria waliokaushwa wanaendelea kufa taratibu, na joto na unyevu ndivyo vinavyowamaliza. Chupa iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane, Kariakoo, mwezi wa Februari, huenda imebaki na sehemu ndogo tu ya kile kilichoandikwa.

Mtindi nao una mitego yake. Yogati iliyochemshwa baada ya kuchachuka ili ikae rafuni miezi bila friji ni chakula kizuri, lakini bakteria wake wamekufa, na kazi ya laktosi imeondoka nao. Uji uliochachushwa usiku kisha ukapikwa asubuhi vivyo hivyo. Togwa ni kinyume: uji unapikwa kwanza, unaachwa upoe, ndipo unatiwa kimea na kuachwa uchachuke, kwa hiyo unakunywa viumbe hai, na hauna laktosi kabisa. Kama una wasiwasi na mtindi wa dukani, upime nyumbani. Chemsha nusu lita ya maziwa, yaache hadi kidole kivumilie kukaa ndani ukihesabu kumi, koroga vijiko viwili vya mtindi huo, funika na kitambaa kizito, acha saa nane. Yakiganda laini na kuwa na uchachu safi, waliomo wako hai. Yakibaki maji, umejua. Kipimo hiki kitakwambia wako hai tu, hakitakwambia ni akina nani. Na maziwa mabichi yasichachushwe bila kuchemshwa, kwa sababu uchachu si kinga ya uhakika dhidi ya bruselosi.

Jambo la kukasirisha katika mjadala huu ni kwamba hapa kwetu mpaka kati ya kidonge na chakula ulishavukwa zamani na watu wasio na duka la jimu. Mwanza, tangu mwaka 2004, kikundi cha wanawake wa Mabatini kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Western cha Kanada kilianza kutengeneza yogati yenye aina maalumu ya bakteria, iliyouzwa kwa jina la Fiti. Uganda, mradi wa Yoba umewapa wasindikaji wadogo pakiti za chachu yenye GG, bakteria yule yule wa Helsinki ambaye hati miliki yake ilishakwisha, na gramu moja ya chachu hiyo inatosha kuzalisha hadi lita 100 za yogati. Maana yake mkimbiaji wa Mbarara anaweza kunywa kwenye kikombe cha bei ya sokoni kile ambacho mwenzake wa Masaki anaagiza kwa laki moja kutoka ng'ambo. Hajui, kwa sababu pakiti ya yogati mara nyingi haimwambii ni bakteria gani yumo ndani. Wasindikaji wa mtindi wanaandika mafuta asilimia ngapi, wanaandika ladha ya vanila au stroberi, na jina la chachu yao, walilolisoma kwenye pakiti asubuhi ile ile walipoitia kwenye maziwa, hawaliandiki.

Jamaa yangu alikimbia Moshi. Asubuhi ya mbio alikula mkate mkavu na asali, chai ya rangi, basi; mtindi aliuacha kwenye friji ya nyumba ya wageni akaunywa saa sita mchana, miguu ikiwa ndani ya beseni. Alitembea sehemu ya mlima wa Mweka, lakini kwa sababu ya goti.